Akaunti ya bima iliyolipwa kabla imeenda hasi milioni 1.2 na jenali ya kujirudia imeposti sawasawa, wakuu hebu nisaidieni

KaratasiMbili

Wakuu habari za kazi. Kuna kitu kinanitoa jasho tangu nilipotoa urari wa Februari.

Mwaka jana ofisi ililipa bima ya jengo na magari kwa pamoja, invoisi moja ya 14,600,000, inaanza 10/03/2025 inaisha 09/03/2026. Invoisi nikaiingiza debiti 1410 (bima iliyolipwa kabla) vizuri tu. Afu nikatengeneza jenali ya kujirudia kwenye Business Central, `Recurring Method` nikaweka `F  Fixed`, kila mwezi debiti 6210 gharama ya bima, krediti 1410, kiasi 1,216,666.67 ambacho ndo 14.6 gawanya kwa 12. `Expiration Date` 28/02/2026, kwahiyo inaanza mwisho wa Machi 2025 na inajifunga yenyewe baada ya mara 12.

Sasa urari wa Februari unaonyesha 1410 ina hasi 1,200,000.04. Akaunti ya mali inakuwaje hasi?? Nimezihesabu zile jenali, ni 12 kweli, wala haikuzidi. Na juu ya hapo odita yuko mlangoni anataka nimthibitishie salio la 31/12/2025 ambalo kwenye leja ni 1,233,333.30, nikipiga kwa kichwa wala sielewi hiyo namba imetoka wapi maana miezi miwili iliyobaki ilitakiwa iwe kama milioni 2.4.

Kuna aliyewahi kukutana na hii? Mfumo una shida au?

---

Bw_Risiti

mkuu hiyo mfumo umeposti mara mbili, ishatukuta. kuna mwezi mtu alibonyeza posti mara mbili wakati neti inasumbua. futa moja (rivasi) utakaa sawa

---

KaratasiMbili

Nimesema zipo 12 mkuu, tarehe 12 tofauti. Na ingekuwa mara mbili hasi ingekuwa 1,216,666 na kitu, siyo 1,200,000.

---

MzeeWaUrari

Bw_Risiti taratibu, namba yenyewe inaongea ukiiangalia.

Hiyo .04 ya mwisho iweke pembeni kwanza. 1,216,666.67 mara 12 ni 14,600,000.04, yaani umepandisha desimali kila mwezi na hukuweka mwezi wa mwisho ubebe tofauti. Mstari wa mwisho ulitakiwa uwe 1,216,666.63. Ni kitu kidogo ila kinatuambia jambo kubwa, kwamba jenali zako 12 zimekula invoisi nzima na hizo desimali, hazijazidi hata moja. Kwahiyo shida haiko kwenye jenali.

Inabaki 1,200,000 kavu, namba ya mviringo kabisa. Namba ya mviringo namna hiyo haitoki kwenye kugawanya kwa 12, hiyo imetoka kwenye karatasi, kuna mtu ameiandika. Fungua miamala ya 1410, weka filta kwenye `Document Type`, toa kila ambacho ni jenali yako, uone kinachobaki. Mi naweka dau ni krediti noti.

---

Pili_hesabu

Na mimi nichomekee hapa, kodi ya ofisi tunalipa miezi 6 mbele na kwenye ile invoisi mwenye nyumba ameweka na dhamana ya mwezi mmoja. Aliyekuwepo kabla yangu ameweka yote kwenye malipo ya kabla na kuigawa kwa 6. Hii ni sawa au nigawe kwa 7?? maana ni miezi 7 ya hela

---

KaratasiMbili

MzeeWaUrari we ni mganga au? 😅 Ipo. Tarehe 01/10/2025, `Credit Memo`, 1,200,000, krediti 1410, kutoka kampuni ya bima. Nimeenda kumuuliza dada wa madeni ya wauzaji akanionyesha barua: mwisho wa Septemba ofisi iliuza magari, bima ya magari ikakatishwa kuanzia tarehe 1 Oktoba, wakaturudishia hiyo. Mimi sikuambiwa. Yeye aliangalia invoisi ya mwanzo iliingia akaunti gani na akairudisha hukohuko.

Kwahiyo kumbe yeye ndo kakosea? Alitakiwa aiweke 6210?

---

fundi_mfumo

Ndio alitakiwa aiweke kwenye gharama. Ungeiweka 6210 leo 1410 ingekuwa sifuri na uzi huu usingekuwepo. Piga jenali moja tu, debiti 1410, krediti 6210, 1,200,000.04, umemaliza, kalale.

---

MzeeWaUrari

fundi hapo umepata nusu. Jumla ya gharama ya bima nzima kweli itakaa sawa, 14.6 toa 1.2 ni 13.4, hakuna ubishi. Ila odita hajauliza jumla ya bima nzima, ameuliza salio la 31 Desemba. Na hilo kwa njia yako litakuwa baya vilevile, litaonekana zuri tu kwa sababu si hasi.

Dada wa madeni hajakosea kitu. Hela iliyorudi ni ya siku ambazo hazijafika, na siku ambazo hazijafika zinakaa 1410, kwahiyo kuikrediti 1410 ni sahihi kabisa. Ambacho hakikufanyika ni upande wa pili: ile jenali ya kujirudia haikuguswa. Ikaendelea kutoa 1,216,666.67 kila mwezi, ikiwemo bima ya magari ambayo haipo tena. `F  Fixed` maana yake ni hiyohiyo, inabeba kiasi kilekile mwezi hadi mwezi, haiangalii salio la akaunti, haijui kama invoisi imerudishwa, haijui kama kuna gari limeuzwa. Kitu pekee inachokijua ni tarehe ya kuacha.

KaratasiMbili nipe vitu viwili: katika ile 14.6 magari yalikuwa kiasi gani, na je barua ya bima inasema walivyokokotoa hiyo 1.2?

---

KaratasiMbili

Magari 3,650,000, jengo 10,950,000. Kwenye barua wanasema wametumia jedwali lao la kukatisha kabla ya muda, siyo kwa siku. Sijaelewa tofauti.

---

MzeeWaUrari

Safi, namba zimekaa vizuri. Twende polepole, shika kalamu.

Bima yako ni siku 365. Kwa siku: jengo 30,000, magari 10,000, jumla 40,000.

Kuanzia 10 Machi hadi 30 Septemba ni siku 205 (Machi zenyewe ni 22 tu, hapo ndo wengi wanateleza wanahesabu Machi nzima). 205 mara 40,000 ni 8,200,000. Hiyo ni gharama halali hadi Septemba.

Tarehe 1 Oktoba magari yanatoka. Siku zilizobaki za magari ni 160, kwa 10,000 ni 1,600,000. Hiyo ndo iliyokuwa imekaa 1410 kwa ajili ya magari. Bima wamerudisha 1,200,000. Hii ndo maana ya jedwali lao, ukikatisha wewe mwenyewe katikati hawakurudishii siku kwa siku, wanabaki na kipande. Sasa hiyo 400,000 iko wapi? Haiwezi kubaki 1410 kusubiri Machi, kwa sababu hakuna gari wala hakuna kinga unayoisubiri. Inaenda gharama palepale Oktoba.

Oktoba hadi Desemba siku 92, jengo tu, 30,000 kwa siku, ni 2,760,000.

Jumlisha: 8,200,000 + 400,000 + 2,760,000 = 11,360,000. Hiyo ndo gharama ya 2025 ilivyotakiwa iwe. Kwenye leja umeweka 1,216,666.67 mara 10, yaani 12,166,666.70. Umezidisha gharama kwa 806,666.70.

Na salio la Desemba lilitakiwa liwe siku 68 zilizobaki za jengo (31 za Januari, 28 za Februari, 9 za Machi) mara 30,000, yaani 2,040,000. Leja inasema 1,233,333.30. Toa, utapata 806,666.70 ileile. Ukiona hesabu imegonga kutoka pande mbili basi ujue umeshika mkia wa nyoka mwenyewe.

---

fundi_mfumo

ok nimekubali hapo Desemba. ila hiyo siku 22 za Machi mnajitafutia kazi bure, ofisi nyingi mwezi ulioanza ni mwezi mzima mambo yanaisha, mwisho wa siku ni bima moja

---

DadaLeja

Naingia kidogo maana fundi ana hoja, siyo ya kupuuza. Kama sera ya ofisi ni mwezi mzima na inafuatwa kwa vitu vyote mwaka hadi mwaka, na tofauti ni ndogo kwa ukubwa wa ofisi, odita wengi watakubali. Ila angalieni inakuwa kubwa kiasi gani: tusahau magari kabisa, kwa miezi sawa salio la Desemba lingekuwa 2,433,333.30, kwa siku lingekuwa 68 mara 40,000 ni 2,720,000. Ni karibu laki tatu kwenye bima moja, kwa sababu tu ilianza tarehe 10 na mwezi wa kwanza ukachukuliwa wote.

Halafu kuna kitu kingine sipendi kwenye miezi sawa. Ratiba inaisha Februari wakati kinga inaisha Machi tarehe 9. Siku 9 mna bima ambayo kwenye vitabu haipo. Kwa kodi ya pango inayoanza tarehe 1 na kuisha tarehe 30 miezi sawa ni raha, kwa bima hapana, bima zinaanza tarehe yoyote ile mtu alipokumbuka kulipa.

---

SAP_mstaafu

Vijana kwa nini mnahangaika. Kwenye SAP unapiga `FBS1` unaweka tarehe ya kurivasi, mwezi ukianza unaendesha `F.81` inajirudisha yenyewe. Hakuna salio hasi.

---

DadaLeja

Mzee wangu shikamoo, hiyo ni ya gharama ambayo bado hujaletewa invoisi, unaikisia mwisho wa mwezi na mwezi unaofuata unairudisha. Huyu hela ilishalipwa, anaipunguza kidogokidogo. Akirivasi kila mwezi hatapunguza kitu.

---

SAP_mstaafu

Marahaba. Hahaa basi nilisoma juujuu. Ya kujirudia kwetu ilikuwa `FBD1` unatengeneza, `F.14` unaendesha, halafu inatoa seshen ambayo lazima mtu aiendeshe `SM35`. Huko shida yetu ilikuwa kinyume na yako, F.14 watu wanaendesha vizuri tu wanadhani wamemaliza, seshen imekaa SM35 haijaguswa, mwezi unafungwa gharama haimo. Unakuja kugundua robo mwaka imepita salio la malipo ya kabla liko palepale halijashuka. Kwahiyo mimi nilikuwa nikiona salio halijatikisika kati ya mwezi na mwezi najua moja kwa moja.

---

Pili_hesabu

Samahani jamani swali langu la kodi 🙏

---

DadaLeja

Pili mdogo wangu usigawe yote kwa 6 wala kwa 7. Dhamana siyo gharama, ni hela yako imekaa kwa mwenye nyumba na mkataba ukiisha anakurudishia. Itoe kabisa kwenye ratiba, iweke akaunti ya dhamana zinazodaiwa, haishuki mwezi wala nini, inakaa hadi siku utakapohama. Inayogawanywa ni kodi ya miezi 6 tu, kwa 6. Na kama kwenye invoisi kuna kodi ya ongezeko la thamani na ofisi yenu inairudisha, hiyo nayo haigawanywi, inaenda akaunti yake siku ya invoisi, mnagawa kile kisicho na kodi hiyo.

Zile jenali zilizokwisha kupita zimeingiza kipande cha dhamana kwenye gharama, kwahiyo itabidi ujumlishe kila mwezi uone imeliwa kiasi gani na uirudishe.

Na angalia mkataba wa hiyo ofisi ni wa muda gani. Kama mnatumia IFRS kamili na mkataba unazidi miezi 12, tangu 2019 kwenye IFRS 16 hamko tena kwenye habari ya kodi iliyolipwa kabla, ile hela iliyotangulia inaingia kwenye haki ya kutumia jengo na ratiba yake ni nyingine kabisa. Hapo fungua uzi wako, huu wa bima tutauchanganya.

---

Pili_hesabu

mkataba miaka 3 😭 haya nitafungua

---

KaratasiMbili

MzeeWaUrari asante sana, nimezipitia namba zote kwenye Excel zimegonga. Sasa kurekebisha. Vitabu vya 2025 odita hajasaini bado na bosi amesema Desemba tunaweza kufungua kwa marekebisho ya ukaguzi. Nifanyaje? Jenali moja ya Februari au?

---

MzeeWaUrari

Kama Desemba inafunguka basi mbili, kila mwaka ubebe wa kwake.

Ya 31/12/2025: debiti 1410, krediti 6210, 806,666.70. Salio la Desemba linakaa 2,040,000.00 na odita unampa karatasi ya siku 68 mara 30,000 na barua ya bima, hana la kuuliza.

Ya 28/02/2026: Januari na Februari ulitakiwa uweke siku 59 mara 30,000, yaani 1,770,000, jenali zako zimeweka 2,433,333.34. Debiti 1410, krediti 6210, 663,333.34. Angalia hiyo .70 na hii .34 kwa pamoja zinameza ile .04 yako, usiitengenezee jenali ya peke yake.

Baada ya hapo 1410 itakuwa na 270,000 mwisho wa Februari, siku 9 za Machi. Machi 31 unaitoa yote kwa mkono, debiti 6210 krediti 1410, akaunti inakuwa sifuri kwa ile bima.

Kama Desemba ingekuwa imefungwa na imesainiwa ungeangalia kama 806 elfu ni kubwa kwa ofisi yenu. Ndogo, unarekebisha yote mwaka huu kwa mkupuo, 1,470,000.04. Kubwa, hapo unaenda kurudia namba za mwaka jana na hiyo si ya kuamua wewe na mimi hapa.

Jambo moja la haraka. Bima ya mwaka mpya imeshaingia?

---

KaratasiMbili

Invoisi ipo mezani, bado sijaingiza. Kwanini?

---

MzeeWaUrari

Una bahati. Ungeiingiza kwenye 1410 kabla hujatoa urari, hasi yako ingemezwa. Ungeona akaunti ina milioni kadhaa chanya, inapendeza, na ile 1.2 ingeishi humo ndani hadi mwaka kesho. Na una bahati nyingine kwamba 1410 ni ya bima hii peke yake. Ofisi nyingi utakuta bima, leseni za programu, kodi, michango ya uanachama, vyote vimerundikwa akaunti moja, kimoja kinaenda hasi vingine vinakifunika. Hasi haionekani kwenye urari, inaonekana tu ukiwa na ratiba ya kila kitu kwa mstari wake na ukajumlisha ulinganishe na leja.

Kwahiyo rekebisha kwanza ndo uingize mpya.

---

fundi_mfumo

sasa mi naona swali la maana ni hili: kwanini alitumia jenali ya kujirudia wakati Business Central ina `Deferral Template`? ungeweka msimbo wa difero kwenye mstari wa invoisi, `Calculation Method` ukachagua `Days per Period`, mfumo unagawa kwa siku wenyewe, Machi siku 22, hakuna kukokotoa, na desimali za mwisho unazibeba. na krediti noti ukiiwekea ileile template inagawanywa nayo

---

DadaLeja

Nakubaliana nusu. Kwa kugawa siku ni nzuri kweli na ningeitumia. Ila ukiposti ile invoisi mfumo unaandika miezi yote ya mbele siku hiyohiyo, yaani tarehe 10 Machi 2025 tayari kwenye leja kuna mstari wa Februari 2026. Kwa hii kesi magari yanatoka Oktoba wakati miezi yote imeshapostiwa hadi mwisho. Bado kuna mtu lazima ajue magari yameuzwa, aingie atengeneze kinyume chake. Na ile 400,000 hakuna templeti itakayokutolea, inabidi kichwa. Template ya krediti noti, hata ukiirekebisha ratiba yake iishe 9 Machi, ingegawa 1,200,000 kwa siku 160, ambayo ni 7,500 kwa siku, wakati gharama ya magari iliyoko kwenye leja ni 10,000 kwa siku. Ile tofauti ya 2,500 kwa siku ingeendelea kuingia kama gharama ya bima hadi Machi, na hayo ndo hayohayo 400,000 yako yamesambazwa badala ya kuingia Oktoba.

---

fundi_mfumo

duh. hiyo sikuiwaza. lakini bado salio lingekuwa karibu na ukweli kuliko hii ya fixed

---

DadaLeja

Hapo sawa, lingekuwa karibu zaidi. Desemba lingekuwa limezidi siku 68 mara 2,500, yaani 170,000, na si kupungua laki nane.

---

MzeeWaUrari

Mimi bado napenda ratiba iwe nje kwenye karatasi ya Excel, mfumo uposti namba ya ratiba. Najua vijana mtanicheka. KaratasiMbili ukitaka fomula ya siku za mwezi hii hapa, B tarehe ya kuanza, C ya kuisha, D kiasi, E1 mwisho wa mwezi uliopita, F1 mwisho wa mwezi huu:

```
=MAX(0,MIN($C2,F$1)-MAX($B2,E$1+1)+1)*$D2/($C2-$B2+1)
```

Na mwaka huu usiweke bima kwa mstari mmoja. Jengo mstari wake, kila gari mstari wake hata kama invoisi ni moja. Mwaka jana ungekuwa na mistari hiyo, siku magari yanatoka unafunga mstari wa magari tu, salio lake 1,600,000, krediti noti 1,200,000, inayobaki unaitupa gharama, mstari wa jengo hauguswi. Ni dakika kumi.

Kwenye jenali yenyewe ukiendelea nayo, badala ya `F` tumia `V  Variable`, ukiposti inafuta kiasi na mwezi unaofuata lazima mtu akiandike upya. Inaudhi ndio, lakini inakulazimisha ufungue ratiba kila mwezi.

---

Bw_Risiti

hiyo V tulijaribu, mtu wetu alikuwa anakopi namba ya mwezi uliopita anabandika 😂 ni F ileile tu yenye kazi zaidi

---

KaratasiMbili

😂😂 ni kweli kabisa na mimi najijua ningefanya hivyohivyo.

Swali dogo pia: nimeona tarehe za jenali zangu zinaanza 31/03, afu 30/04, afu 30/05, 30/06, 30/07. Mbona Mei na Julai zina 31?

---

fundi_mfumo

hiyo najua 🙌 umeweka `1M` kwenye `Recurring Frequency`. inachukua tarehe ya mwisho iliyopo inaongeza mwezi, ikishashuka 30 haipandi tena, na ikipita Februari itabaki 28 milele. weka `1D+1M-1D`, inaenda tarehe moja ya mwezi unaofuata, inaongeza mwezi, inarudi siku moja, unapata mwisho wa mwezi kila mara. kwa gharama ya mwezi haijakuharibia kitu kwasababu bado iko ndani ya mwezi husika, ila mtu akichuja ripoti kwa tarehe ya mwisho wa mwezi hataiona

---

KaratasiMbili

Nimeiposti ya Desemba na ya Februari. 1410 inasoma 2,040,000.00 Desemba na 270,000.00 Februari. Ile jenali ya zamani nimeifuta kabisa isije mtu akabadilisha `Expiration Date` akaifufua. Bima mpya nimeivunja mistari, jengo na magari mawili yaliyobaki ambayo yalikuwa kwenye bima nyingine, na nimemwambia dada wa madeni krediti noti yoyote ya muuzaji inayogusa akaunti za 14xx anitumie nakala kabla ya kuposti.

Odita amekubali salio. Ila amekuja na lingine: anasema ile 400,000 isikae gharama ya bima, iende kwenye hasara ya kuuza magari kwa sababu ilisababishwa na kuuza magari.

---

DadaLeja

Mmh. Mimi naona odita ana hoja, bila kuuza ile gharama isingekuwepo.

---

MzeeWaUrari

Hapana, hapo sikubaliani nae. Hasara ya kuuza gari ni bei uliyouzia toa thamani ya gari kwenye vitabu, pamoja na gharama za kuuza kama udalali. Bima ni huduma uliyonunua na ukaamua kuikatisha mapema, kile kipande kilichobaki kwa kampuni ya bima ni bei ya kukatisha mkataba. Kikae 6210. Faida ya mwaka haibadiliki hata kidogo, ni mstari gani tu.

---

fundi_mfumo

kama faida haibadiliki mpe odita anachotaka mkafunge vitabu

---

MzeeWaUrari

Basi akitaka aandike yeye kwenye orodha ya marekebisho yake, asiandike kijana. Mwakani atakuja odita mwingine atauliza hiyo 400,000 inafanya nini kwenye hasara ya magari.

---

KaratasiMbili

Nimemwomba aandike. Nasubiri barua yake ndo nihamishe.